Waraka wa Wazi kwa Msajili wa Makampuni: Jina la Katibu Lisiwe la Kujazia Fomu

Kwa Ofisi ya Msajili wa Makampuni,
Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Ndugu Msajili,

Ninaandika kama katibu wa kampuni. Kazi yangu ni kuzitunzia kampuni ndogo vitabu vyake vya kisheria na kuziwasilishia taarifa zake kwenye ofisi yako. Ombi kuu la waraka huu linahusu mstari mmoja wa fomu ya kusajili kampuni: ule unaomtaka mwombaji ataje jina la katibu. Nitaeleza kwa nini mstari huo unaniuma, kisha nitaeleza ninachoomba.

Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inataka kila kampuni iwe na katibu, iwe kubwa au ndogo. Inataka pia wakurugenzi wahakikishe kwamba wanayemteua ana ujuzi na uzoefu wa kuifanya kazi hiyo. Hayo yameandikwa vizuri. Lakini siku ya usajili, waanzilishi wakiwa wamekaa na fundi wa kujaza fomu katika duka la stashenari, swali linakuwa jepesi mno: tumwandike nani hapa? Anaandikwa aliye karibu na mwenye namba ya NIDA. Anaweza kuwa mke, mpwa, binti aliyemaliza chuo, au yule yule anayejaza fomu. Anasaini, karatasi inapakiwa kwenye mfumo wa ORS, ada inalipwa, cheti kinatoka, na habari za katibu huishia hapo.

Kampuni ninayotaka kuieleza ilisajiliwa tarehe 12 Machi 2019. Sitaitaja jina, na wenyewe wameridhia niisimulie. Ni kampuni ya kuuza pembejeo za kilimo, ya ndugu wawili wa tumbo moja. Kaka alikuwa na hisa 60 katika kila 100, mdogo wake 40, na wote wawili walikuwa wakurugenzi. Katibu alikuwa binti wa kaka. Nilipokutana naye mara ya kwanza nilimuuliza vitabu vya kampuni viko wapi. Akanitazama kwa mshangao. "Mimi Baba alinipa karatasi nikasaini," akasema, "nikajua ni ya kuthibitisha jina la duka."

Hakuwa mzembe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza alichokubali.

Alichokubali ni hiki. Katibu ndiye mtunza kumbukumbu wa mtu ambaye hana mwili. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, lakini haiwezi kukumbuka lolote yenyewe. Inakumbuka kwa daftari la wanahisa, daftari la wakurugenzi na makatibu, daftari la rehani, na kitabu cha mihtasari ya vikao. Katibu ndiye anayeviandika na kuvitunza. Ndiye anayeitisha mkutano mkuu wa mwaka kwa maelekezo ya wakurugenzi, na taarifa ya mkutano huo lazima iwafikie wanahisa siku 21 kabla. Ndiye anayeandika kilichoamuliwa, anayehakikisha uamuzi unaotakiwa kufika kwa Msajili unafika kwa wakati, na anayewaambia wakurugenzi, hata wasipopenda kusikia, kwamba wanalotaka kulifanya halimo ndani ya katiba ya kampuni. Akiwa pia mkurugenzi, jambo linalodai saini ya mkurugenzi na ya katibu haliwezi kukamilishwa na yeye peke yake akisaini mara mbili.

Hapa naomba niondoe mkanganyiko ninaoukuta karibu kila mahali. Wenye kampuni wengi huniambia kwa uhakika kabisa kwamba wao hawadaiwi chochote, kwa kuwa kila mwaka wanapeleka ritani TRA na wanahuisha leseni ya biashara. Yote mawili ni ya lazima, lakini hakuna hata moja linaloisogeza kampuni hatua moja kwenye daftari lako. Ritani ya TRA inasema kampuni imepata nini na inadaiwa kodi kiasi gani. Leseni inasema kampuni inaruhusiwa kufanya biashara fulani mahali fulani. Taarifa ya mwaka inayokuja kwako inasema jambo tofauti kabisa: kampuni hii bado ipo, ofisi yake iko hapa, wakurugenzi na katibu wake ni hawa, mtaji wake umegawanywa hivi, na wanahisa wake ni hawa. Mtu anaweza kuwa mlipa kodi mwaminifu kwa miaka mitano huku kampuni yake, kwa kumbukumbu zako, ikionekana imelala tangu siku ilipozaliwa.

Taarifa hiyo ina tarehe yake, na tarehe hiyo haifuati Desemba wala mwisho wa mwaka wa hesabu. Inafuata siku ya kuzaliwa kwa kampuni. Kampuni ya 12 Machi 2019 ilitakiwa kupiga picha yake ya kwanza ya namna hiyo ikionyesha hali ilivyo kufikia 12 Machi 2020, kisha ikapewa siku 28 za kuiwasilisha, yaani hadi tarehe 9 Aprili 2020. Kila mwaka unaofuata, hesabu ni ile ile.

Pamoja nayo kuna hesabu za mwaka. Wakurugenzi wanatakiwa kuziandaa na kuziweka mbele ya wanahisa katika mkutano mkuu, na ndiyo sababu mkutano huo si sherehe ya kunywa soda. Wa kwanza unatakiwa ufanyike ndani ya miezi 18 tangu kampuni isajiliwe, na baada ya hapo kusipite zaidi ya miezi 15 kati ya mkutano mmoja na unaofuata. Halafu kuna taarifa ambazo hazingoji mwaka ufike: mkurugenzi au katibu akibadilika, Msajili aarifiwe ndani ya siku 14. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, kampuni inatakiwa kumtaja na kumweka kwenye daftari mmiliki manufaa, yule mtu halisi ambaye mwisho wa yote ndiye anayeimiliki au kuidhibiti, hata kama hisa zinasomeka kwa jina la mwingine.

Ndugu wale wawili hawakupeleka hata moja kati ya hizo. Biashara ilikwenda vizuri. Kodi ililipwa, leseni ikahuishwa. Mwaka 2021, mwezi Juni, kaka akafariki. Familia ikazika, ikafanya arobaini, mdogo akaendelea kuendesha duka, na binti akaanza kumsaidia kwenye mauzo. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna ofisi inayotakiwa kuarifiwa.

Mwaka 2024 baba mdogo, sasa akiwa peke yake kwenye usukani, alikwenda benki kuomba mkopo wa kununulia mbolea kabla ya msimu. Benki, kama ilivyo desturi, ikataka taarifa ya hivi karibuni kutoka BRELA inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Ikasomeka kwamba mwenye hisa nyingi na mkurugenzi wa kwanza ni marehemu. Ikasomeka pia kwamba hakuna taarifa ya mwaka hata moja iliyowahi kupokelewa. Afisa mikopo akafunga faili.

Ndipo walipokuja kwangu, na maneno yao ya kwanza yalikuwa yale ninayoyasikia mara kwa mara: tutengenezee mihtasari ya nyuma. Walitaka niandike vikao vya 2020, 2021, 2022 na 2023 kana kwamba vilifanyika, wasaini, tuwasilishe. Nilikataa, na nataka kueleza sababu kwa sababu si ya kimaadili tu. Muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika ni waraka wa kughushi. Huyo marehemu angesaini vipi kikao cha 2022? Na siku warithi watakapogombana, kama inavyotokea, kitabu hicho ndicho kitakachopelekwa mahakamani kama ushahidi. Mkutano uliokosekana umekosekana. Unaitisha mwingine sasa, unaweka hesabu zote za miaka iliyopita mbele ya wanahisa, na unaandika ukweli kwamba mikutano ya nyuma haikufanyika.

Taarifa za mwaka ni jambo tofauti. Hizo unaweza, na unatakiwa, kuziwasilisha hata zikichelewa, kwa sababu kila moja inaeleza hali iliyokuwepo kweli siku fulani. Hapa ndipo katibu anapoonyesha kama anaijua kazi. Taarifa ya kufikia 12 Machi 2021 ilipaswa kumwonyesha kaka kama mkurugenzi, kwa sababu siku hiyo alikuwa hai. Ile ya 12 Machi 2022 haiwezi kumwonyesha tena kama mkurugenzi, kwa kuwa ukurugenzi hukoma kwa kifo. Lakini kwenye orodha ya wanahisa ya siku hiyo hiyo, jina lake linabaki, kwa sababu hisa hazimfuati mtu kaburini. Zinabaki kwenye daftari kwa jina lake hadi msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama aje na barua yake na kuandikishwa. Wanaojaza fomu tano kwa kunakili ya kwanza na kubadilisha mwaka hulikosea jambo hili, na kosa hilo hujitokeza miaka mingi baadaye, mtu anapotaka kuuza hisa.

Kwa hiyo mpangilio ulikuwa huu. Kwanza mirathi, kwa sababu bila msimamizi hakuna wa kuzisemea hisa 60 katika 100. Familia ilikwenda Mahakama ya Mwanzo, na binti yule yule akateuliwa kuwa msimamizi. Wakati huo huo tulikuwa na tatizo la wakurugenzi: sheria inataka wasipungue wawili, na kampuni ilikuwa imebaki na mmoja kwa zaidi ya miaka mitatu. Katiba ya kampuni, kama nyingi zilivyo, ilimruhusu mkurugenzi aliyebaki kuteua mwingine wa kuziba nafasi. Akamteua binti. Binti akajiuzulu ukatibu, kwa ombi langu na kwa hiari yake, ili saini mbili ziwe za watu wawili. Mabadiliko yote yakaarifiwa: kifo, uteuzi, kujiuzulu, katibu mpya. Daftari la wamiliki manufaa likaandikwa kwa mara ya kwanza. Mhasibu akamaliza hesabu, mkutano mkuu ukaitishwa kwa siku zake 21, na tarehe 9 Septemba 2024 taarifa tano za mwaka zikaingia kwenye mfumo.

Gharama naiweka wazi, kwa sababu wengi huidhania kuwa kubwa mno na kwa hofu hiyo huzidi kujificha. Ada ya kuwasilisha ilikuwa shilingi 22,000 kwa kila taarifa, na faini ya kuchelewa shilingi 2,500 kwa kila mwezi kwa kila taarifa. Taarifa ya 2020 ilikuwa imechelewa miezi 53. Ya 2021 miezi 41. Ya 2022 miezi 29. Ya 2023 miezi 17. Na ya 2024 miezi 5. Jumla ni miezi 145, sawa na shilingi 362,500 za faini. Ongeza ada za taarifa tano, shilingi 110,000, unapata 472,500. Hapo sijahesabu hesabu za mwaka na taarifa za mabadiliko, ambazo nazo zina ada zake na ucheleweshaji wake.

Fedha hiyo haikuwavunja. Kilichowaumiza ni msimu. Kati ya siku benki ilipofunga faili na siku ilipolifungua tena, wakulima walikuwa wameshanunua mbolea kwa wengine. Na kama ofisi yako ingekuwa imetangulia, hali ingekuwa mbaya zaidi. Sheria inakupa uwezo wa kuiondoa kwenye daftari kampuni ambayo una sababu ya kuamini kwamba haifanyi biashara: unaiandikia kwenye anwani iliyosajiliwa, ikikaa kimya unaiandikia tena, kisha unatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Barua hizo zingekwenda kwenye anwani ya fremu waliyoihama mwaka 2020 bila kukujulisha. Kampuni ingefutwa huku duka lake limejaa mbegu na likiuza, na ikishafutwa hakuna tena mtu wa kisheria wa kudai deni lake wala kusaini mkataba kwa jina lake. Kuirudisha ni kazi ya mahakama.

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu ili ionekane wazi kwamba kosa halikuanzia kwenye ada wala kwenye mfumo. Lilianza siku ile karatasi iliposainiwa na mtu asiyejua anasaini nini. Mengine yote yalifuata kwa mpangilio wake: hakuna aliyeijua tarehe, hakuna aliyeandika daftari, hakuna aliyetoa taarifa ya kuhama wala ya kifo. Kuna pia jambo la akaunti. Maombi ya usajili kwenye ORS hufanywa kupitia akaunti ya mtu binafsi, na kwa kampuni nyingi ninazozipokea mtu huyo ni yule fundi wa stashenari. Simu ni yake, barua pepe ni yake. Ujumbe wowote utakaotumwa unamfikia mtu ambaye alishalipwa ujira wake na kuisahau kampuni hiyo mwezi uliofuata.

Sasa maombi yangu, Ndugu Msajili.

Naomba katibu asiishie kuwa jina na saini kwenye fomu ya pamoja. Awe na karatasi yake ya peke yake ya kukubali uteuzi, kwa Kiswahili, isiyozidi ukurasa mmoja. Ionyeshe kwa majina madaftari anayopaswa kuyatunza. Imwambie kwamba mkurugenzi akibadilika ana siku 14. Imwambie kwamba kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa kampuni, saa ya siku 28 inaanza kuhesabu. Ajaze humo simu yake na barua pepe yake mwenyewe, na mfumo uzithibitishe kwa kumtumia namba ya siri yeye, kama benki zinavyofanya mtu anapofungua akaunti. Mtu atakayeisoma karatasi hiyo na kuona hawezi, atakataa mapema, na kukataa kwake kutakuwa kumeisaidia kampuni kuliko saini yake.

Naomba pia cheti cha usajili kibebe mistari miwili zaidi. Leo kinaonyesha jina la kampuni, namba yake na siku iliposajiliwa. Mtu anayejua sheria anaweza kuipata tarehe ya taarifa ya mwaka kutokana na siku hiyo, lakini wanaojua ni wachache, na cheti ndiyo karatasi pekee ambayo kila mwenye kampuni huitundika ukutani. Iandikwe hapo chini: taarifa ya kwanza ya mwaka iwasilishwe kabla ya tarehe fulani, na baada ya hapo kila mwaka kwa tarehe hiyo hiyo. Mstari wa pili umtaje katibu aliyeteuliwa siku ya usajili. Wapo watakaosema katibu hubadilika na cheti hakibadiliki. Ni kweli, lakini wakurugenzi wakiona jina lake ukutani watajua angalau wa kumuuliza, na akiondoka watakumbuka kwamba kuna nafasi iliyobaki wazi.

Sipendekezi kwamba kila kampuni ndogo ilazimishwe kuajiri wakili au mtaalamu aliyesomea kazi hii. Nimefikiria hilo na nadhani lingekuwa kosa. Duka la pembejeo lenye wanahisa wawili halina mambo magumu kiasi hicho. Binti yule, kwa kufundishwa asubuhi moja, angeweza kuyafanya yote kwa daftari la kaunta na kalenda. Mtaalamu anahitajika pale hisa zinapouzwa, mtaji unapoongezwa, au mwanahisa anapofariki, na katibu anayejua mipaka yake atamtafuta wakati huo.

Jambo la mwisho ni la kampuni zilizokwisha kuharibikiwa. Wengi wa wenye kampuni hizo hawaji kwa sababu hawajui watadaiwa kiasi gani, na kadri wanavyochelewa ndivyo kiasi kinavyopanda. Mfumo wako tayari una tarehe ya usajili wa kila kampuni na unajua taarifa zipi zimepokelewa. Naomba uweke sehemu ambapo mtu yeyote akiingiza namba ya kampuni ataona miaka anayodaiwa na jumla yake mpaka siku hiyo, kabla ya kufungua akaunti, kabla ya kutafuta fundi, na kabla ya kumpa mtu fedha asiyojua kama ni sahihi. Familia ile ilikuwa imeambiwa na mtu wa pembeni kwamba deni lao ni shilingi milioni tatu na kwamba yeye anaweza "kuliongea". Hesabu halisi ya taarifa tano nimeionyesha hapo juu.

Niko tayari kuleta rasimu ya karatasi ya katibu niliyoipendekeza, pamoja na mfano wa cheti chenye mistari hiyo miwili, siku yoyote ofisi yako itakaponiita.

Wako katika kazi,
Katibu wa kampuni,
Morogoro.